Jedwali la asali limerudishwa

Swali: Wakuu, nimepima asali ya mizinga 30 Urambo. Nimeandika 8.4 ± 2.1¹, yaani wastani na mkengeuko sanifu kwa kilo, na chini ya ukurasa ¹ inasema mizinga 2 ilihamwa na nyuki; msimamizi kairudisha. Kosa liko wapi?

— Toa ±, weka mabano, basi.

— Mabano ni sawa, ila hayatoshi, ndugu. Hiyo ¹ inasomeka kama kipeo. Tumia herufi, na maelezo yake yakae chini ya jedwali lenyewe, siyo chini ya ukurasa. Kichwa kiwe juu:

Jedwali la 2: Wastani (mkengeuko sanifu) wa asali kwa mzinga, kilo

8.4 (2.1)ᵃ, n = 28
ᵃ Mizinga 2 ilihamwa na nyuki.

Usipotaja mkengeuko sanifu, 2.1 itadhaniwa kosa sanifu, ambalo hapo ni 0.4 tu.

— Mimi nina asilimia za dagaa, Kibirizi. Nazo hivyohivyo?