Linki ya QR ya wageni Lamu: usiweke 301

"Nina nyumba ya wageni Shela. Nataka linki moja ya stika: aliye Italia aone ukurasa wa Kiitaliano, aliye Kenya apelekwe WhatsApp, wa iPhone na wa Android kila mmoja na apu yake. Fundi kasema nichague 301. Stika zinachapishwa Jumatatu. Huduma ipi nafuu?"

Simamisha uchapaji, ndugu yangu. Fundi wako anakupoteza kama nilivyopotezwa mimi. Wamekariri kwamba 301 ndiyo inayopendwa na Google, basi wanaibandika hata kwenye linki ambayo kila mgeni ana mlango wake. Inaniuma, maana hasara si yao.

301 inaiambia brauza kwamba anwani imehama kabisa. Brauza inaliweka jibu hilo, na safari nyingine inaweza kuruka yenyewe bila kuuliza seva. Chukua mgeni wa Milano. Anafungua linki akiwa kwao, anapata Kiitaliano, sawa. Wiki mbili baadaye yuko Shela, ameunga wifi yako, anaskani stika ya mlangoni, na anatua palepale kwenye Kiitaliano. Kanuni yako ya Kenya umeiandika vizuri, ila seva haikuulizwa kitu. Utajua hivi: mbofyo wake hauonekani kwenye hesabu ya huduma, na akifungua linki hiyohiyo kwenye dirisha la faragha inakwenda sahihi.

Kibaya zaidi, huwezi kulifuta jibu hilo ukiwa kwako. Ukibadilisha leo kuwa 302, ile inayosema anwani imehama kwa muda tu, simu zilizokwisha kulihifadhi haziji kuuliza. Inabidi utoe anwani mpya, tuseme `/karibu2`, na stika mpya. Kwa waliokwama, weka kitufe cha WhatsApp juu kabisa ya ukurasa wa Kiitaliano. Usijaribu kuuelekeza ukurasa huo urudi kwenye linki ya zamani; simu zao zitazunguka mpaka zitoe `ERR_TOO_MANY_REDIRECTS`.

Kwa hiyo chagua 302, na huduma ya linki itume `no-store`, yaani brauza isilihifadhi jibu. Kabla ya kuchapa, pima kwa amri hii kwenye terminal ya kompyuta:

```
curl -sI https://ANWANI-YAKO/karibu
```

Unataka kuona hivi:

```
HTTP/2 302
location: https://...
cache-control: no-store
```

Rudia ukiongeza `-A "iPhone"`, kisha `-A "Android"`, uone `location` inabadilika. 301 ya kutoka `http` kwenda `https` ya anwani ileile haina neno, kwa sababu wote wanapelekwa mahali pamoja. Inayoua ni ile inayokaa pale njia zinapogawanyika.

Na kitufe cha WhatsApp kiache hata 302 ikifanya kazi. Nchi inasomwa kwenye anwani ya IP, na mgeni anayetumia laini ya Italia kwa roming kwa kawaida data yake hupitia kwanza mtandao wa kwao. Amesimama jetini Shela, seva inamwona yuko Italia.