Ubao wa kugusa unaandika mbali na kalamu: soma kosa kwanza, ndo ukalibreti

*Assalaam aleikum fundi. Mie ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Amu. Tuna ubao wa kugusa wa projekta, ule wenye fremu pande zote nne, upana sentimita 160 na urefu 120, kalamu yafanya kazi na kidole pia. Sasa nikiandika sehemu za juu mstari watokea chini ya kalamu, nikiandika chini watokea juu yake, katikati ndo angalau. Nimekalibreti, siku ya pili yarudi vile vile. Halafu upande wa kulia kuna ukanda wa kama kiganja, kutoka juu mpaka chini, hausikii kitu. Laptopu twatumia mbili, ya zamani na mpya. Kalamu ndo mbovu ama ubao umekufa?*

Waaleikum salaam mwalimu. Ubao haujafa, na kalamu usinunue. Kwenye ubao wa fremu kama huo kalamu ni kijiti tu, haina betri wala chochote ndani, ndo maana hata kidole chafanya kazi. Andika kwa kidole pale pale juu, ukiona kosa ni lile lile basi kalamu iwache, haimo kwenye kesi hii.

Hapo ulipo una matatizo mawili tofauti na yasichanganywe, kwa sababu moja latibiwa kwa kitambaa na lengine kwa setingi, na kalibresheni, yaani kuulinganisha mguso na picha, inakuja mwisho kabisa baada ya hayo mawili kuisha. Watu wengi wanaanza na kalibresheni, na wakishaona inarudi wanasema ubao mbovu.

Tuanze na ule ukanda. Ndani ya fremu mna taa ndogo ndogo za infraredi, mwanga ambao macho hayauoni, ziko upande mmoja na sensa ziko upande wa pili zatazamana. Kuna miale inayoshuka wima kati ya fremu ya juu na ya chini, na kuna miale inayopita mlalo kati ya kushoto na kulia. Kalamu ikikata miale hiyo, fremu inajua iko wapi: miale ya wima yatoa nafasi ya kushoto-kulia, ya mlalo yatoa nafasi ya juu-chini. Sasa wewe umesema ukanda wako umesimama kutoka juu mpaka chini. Hio yamaanisha miale ya wima ya sehemu ile imezibwa, kwa hivyo uchafu utafute kwenye fremu ya juu au ya chini, pale pale ukanda ulipo, usihangaike na fremu za kando. Ukanda ungelikuwa umelala, ndo ungeliangalia kushoto na kulia.

Mie ningeanza na fremu ya chini. Hapo ndo vumbi la chaki latua, na walimu wengi waegesha kalamu na dasta hapo hapo kwenye ukingo, na kitu chenye unene wa milimita kadhaa tu chatosha kukata mwale kwa sababu miale yapita karibu sana na ubao. Halafu sisi wa pwani tuna chumvi. Hapa Malindi fremu ninazozifungua kwenye madarasa yenye madirisha ya baharini zina utando mweupe juu ya ile plastiki nyeusi ya ndani, ukipitisha kidole wausikia wakwaruza, na sidhani Amu ni tofauti. Utando wa buibui kwenye kona nao usiudharau.

Kusafisha ni hivi: chomoa USB kwanza. Chukua kitambaa laini cha maikrofaiba, kitie maji kidogo ukikamue mpaka kisidondoshe, pangusa ule uso wa ndani wa fremu, yaani ile plastiki inayotazama katikati ya ubao, urefu wote wa fremu ya chini na ya juu. Kama chumvi haitoki tia alkoholi kidogo kwenye kitambaa, usipulizie kwenye fremu, maana maji yakiingia ndani yaenda kwenye bodi ya umeme. Tina usiguse, yaharibu plastiki na mwanga haupiti tena. Na ule wino wa kalamu za kawaida uliobaki kwenye uso wa ubao wenyewe, huo hauna shida kwa kugusa, wafutwa kwa sababu ya kuonekana tu, fremu haioni rangi, yaona kitu kilichosimama mbele ya mwale. Ila gundi au seloteipu iliyojikunja iondoe.

Ukimaliza, acha ikauke, kisha rudisha USB na mtu yeyote asiguse ubao wala asisimame kuegemea fremu kwa sekunde kama kumi. Hili ni muhimu. Fremu nyingi zikiwashwa zinapima miale yake upya, na zikikuta mwale umezibwa wakati ule zinauhesabu kama umekufa na kuuruka mpaka uzizime na kuziwasha tena. Kwa hivyo ukisafisha bila kuchomoa USB waweza kuona hakuna kilichobadilika ukadhani kazi ni bure.

Ukanda ukiwa bado upo baada ya hapo, jaribu na simu. Fungua kamera, kwanza itazame rimoti ya TV huku wabonyeza kitufe, ukiona taa ya zambarau kwenye skrini basi simu yako yaona infraredi, kama haioni jaribu kamera ya mbele. Kisha tazama ndani ya fremu, taa zinazofanya kazi zitaonekana zang'ara kwa mbali kwenye giza, punguza mwanga wa darasa. Kama upande mmoja zang'ara na pale kwenye ukanda pana pengo, hapo ni taa imekufa na kitambaa hakisaidii tena, kipande cha fremu kitabadilishwa.

Sasa tuje kwenye kosa la juu na chini, ambalo mie kwa maelezo yako nalijua hata kabla sijaliona. Ubao wako ni 160 kwa 120, yaani umbo la 4:3, na laptopu za zamani zilikuwa zatoa picha ya umbo hilo. Laptopu mpya skrini yake ni pana, 16:9. Projekta ikipewa picha pana yabana ili iingie, upana wabaki 160 lakini urefu washuka kuwa 90, na juu na chini kunabaki ukanda mweusi wa sentimita 15 kila upande. Angalia vizuri utauona. Lakini fremu haijui habari hio, yenyewe yaendelea kudhani picha ni 120 nzima.

Hesabu yake ni hii. Ukigusa ukingo wa juu wa picha, uko sentimita 15 chini ya ukingo wa ubao, na 15 katika 120 ni moja ya nane. Laptopu yaambiwa "amegusa moja ya nane kutoka juu", yaenda kuchora moja ya nane ya picha, na moja ya nane ya 90 ni sentimita 11 na robo. Kwa hivyo mstari watokea sentimita 11 chini ya kalamu. Chini ya ubao ni vile vile kwa kugeuka, watokea juu. Katikati kosa ni sifuri, na kila ukitoka katikati sentimita 20 laongezeka 5. Kushoto na kulia hakuna kosa. Ndo kile kile ulichokieleza. Ungeliniambia mstari watokea kulia kwa umbali ule ule kila mahali, ningelisema projekta imesogea. Na ungelisema kidole kwenye ubao chaendesha mausi kwenye laptopu na kwenye ubao hakuna kinachosogea, ningelisema laptopu iko kwenye Extend, na kugusa kumeelekezwa skrini nyengine.

Kwa nini kalibresheni yarudi? Kwa sababu mwatumia laptopu mbili zenye picha za maumbo mawili. Fremu nyengine zahifadhi kalibresheni ndani yake, ukikalibreti na laptopu mpya umeiharibia ile ya zamani. Nyengine zahifadhi kwenye laptopu, yaani ya pili haijui chochote. Dawa ni moja kwa zote, laptopu zote mbili zitoe picha ya umbo moja.

Bonyeza Windows+P, chagua Duplicate. Ingia Display settings, chini ya Display resolution chagua 1024 × 768 kwenye laptopu zote mbili, na kwenye menyu ya projekta Aspect iwe 4:3 au Auto. Picha ijaze ubao mpaka kona nne, bila weusi. Mwengine atakwambia bora kubaki na picha pana na kukalibreti kwa hio, yafanya kazi, lakini wapoteza robo ya ubao na watoto wa nyuma ndo wanaoumia, mie sipendelei. Halafu kwenye menyu hio hio zima Auto Keystone kama ipo, maana yabadilisha umbo la picha kila projekta inapowashwa, na kalibresheni ya jana haifai leo. Kama projekta yakaa mezani, piga alama ya chaki pale miguu ilipo.

USB yako angalia mambo mawili tu, kwa sababu waya mbaya hauleti kosa la sentimita 11 linalotulia, waleta kukatika katika na ule mlio wa Windows kila mara. Waya wa kawaida usizidi mita 5, ukiunga mwengine mrefu tafuta ule wenye kikuza mawimbi ndani. Na ncha za plagi zikiwa zimefanya kijani kwa chumvi, brashi laini na alkoholi.

Hapo ndo ukalibreti. Kama fremu ilikuja na programu yake tumia hio, lakini kabla yake ingia Control Panel, Tablet PC Settings, ubonyeze Reset, kwa sababu marekebisho mawili yakipandana kosa jipya lazaliwa na hutajua latoka wapi. Kama haina programu, hapo hapo bonyeza Calibrate, na palipoandikwa Display hakikisha umechagua projekta. Simama kando usizibe picha, kalamu iwe wima kabisa, gusa katikati ya kila msalaba, na mkono wa buibui au kanzu usiguse ubao, waikata miale kabla ya kalamu na alama yaandikwa pengine. Ukikosea msalaba mmoja bonyeza Esc uanze upya, usiuwache.

Kisha andika herufi kwenye kona nne na katikati. Kosa la chini ya nusu sentimita ni la kawaida kwa fremu hizi. Fanya hivyo hivyo na laptopu ya pili, na kama kona moja peke yake ndo yakataa, nitumie picha ya ubao mzima pamoja na pale projekta ilipo.