Mabati 14 Yalirudi Ngamiani, Mfumo Ukayapeleka Pongwe

Juzi msomaji wa Bagamoyo ameniandikia kwamba programu yake ya stoki inatoa jumla sahihi kila siku, ila ghala moja lina ziada na jingine lina upungufu. Nilianza kucheka, kicheko kikanikauka. Jipu hilo liliwahi kunipasukia mimi mwenyewe hapa Tanga, wakati najiona fundi aliyeiva.

Mteja wangu anauza vifaa vya ujenzi. Ana duka Ngamiani na ghala Pongwe. Siku moja duka lilikuwa na mabati 20, ghala 80. Fundi mmoja akanunua 14 pale dukani, kesho yake akayarudisha: vipimo vya paa vilikosewa. Mabati yakapangwa ukutani palepale Ngamiani. Mfumo wangu ukaandika Ngamiani 6, Pongwe 94. Ukijumlisha ni 100, na mimi kila jioni nilikuwa naangalia jumla tu. Nani angeshtuka?

Tulishtuka mteja wa Muheza alipotaka mabati 90. Karani akaona 94 kwenye skrini, akapokea hela, lori likaenda Pongwe. Yakapatikana 80. Bosi akaamuru ghala lihesabiwe siku hiyohiyo, na mabati 14 yakaandikwa upungufu kwa jina la mzee anayetunza stoo. Mzee aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, hiyo kompyuta yako haikosei?" Nikamjibu haikosei. Jibu hilo linaniuma mpaka leo.

Kosa lilikuwa mstari mmoja. Fomu ya kurudisha bidhaa ilimuuliza karani mzigo umepokelewa wapi, jibu likahifadhiwa vizuri, halafu msimbo wa kuongeza stoki haukulisoma. Ulichukua ghala la kawaida la bidhaa, lile tulilojaza siku ya kuisajili ili manunuzi yajue pa kuingia, na kwa mabati lilikuwa Pongwe.

```python
# zamani
move.warehouse_id = item.default_warehouse_id
# sasa
move.warehouse_id = ret.received_warehouse_id
```

Wengine watakwambia urudishe mzigo kwenye ghala lililouza. Nami nilitaka kufanya hivyo, lakini watu wananunua Pongwe na kurudishia Ngamiani kwa kuwa ndiko kuna daladala nyingi. Stoki iongezeke pale mzigo ulipowekwa chini, basi.

Kuipata mizigo iliyopotea ni rahisi kama fomu yako ilihifadhi mahali pa kupokelea:

```sql
SELECT m.item_id, m.qty, m.created_at,
       m.warehouse_id, r.received_warehouse_id
FROM stock_moves m
JOIN returns r ON r.id = m.return_id
WHERE m.warehouse_id <> r.received_warehouse_id;
```

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipoungua mara ya pili. Nilipopata orodha nikaandika uhamisho kwa kila mstari, mabati 14 kutoka Pongwe kwenda Ngamiani, nikaenda kulala. Asubuhi Ngamiani ilisoma 20, sawasawa. Pongwe ikasoma 66, na mabati yaliyopo ni 80. Nilisahau kwamba hesabu ya ghala ilikwisha kuyatoa yale 14 kwa kuyaita upungufu, na mimi nimeyatoa tena.

Kwa hiyo wewe unayeota mfumo wako utumike kila duka la pwani hii, kabla ya kuhamisha chochote tazama tarehe ya hesabu ya mwisho ya kila ghala, la kutoa na la kupokea. Kama hakuna lililohesabiwa tangu mzigo urudi, uhamisho unatosha. Kama yote mawili yamehesabiwa, namba zimekwisha kunyooka, usihamishe kitu. Likihesabiwa moja tu, kama letu, futa kwanza idadi ya mzigo huo kwenye marekebisho ya hesabu ile kwa ingizo la kinyume, ndipo uhamishe. Na usibadilishe mstari wa zamani wa stoki. Narudia, usiubadilishe: ripoti za mwezi uliopita zimekwisha kuchapwa na watu wamelipana kwazo. Andika ingizo jipya lenye tarehe ya leo na namba ya marejesho.

Kwetu ilikuwa kuongeza 14 Pongwe kufuta upungufu, kutoka 66 hadi 80, kwa kuwa uhamisho nilikuwa nimekwisha kuuandika. Upungufu ukatoka kwenye jina la mzee. Bosi alimpigia mwenyewe kumwambia.

Kesho yake nilipanda daladala mpaka Pongwe. Nikamkuta anafunga mabati kwa kamba. "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akaendelea kukaza fundo.