Laptopu ya zamani kuganda kwenye kikao cha video: angalia prosesa kabla ya bando

"Wakuu, laptopu yangu ni ya zamani, RAM GB 4. Nikiingia kikao cha Zoom, baada ya dakika chache picha inaganda na sauti yangu inawafikia wenzangu vipande vipande. Nimeshaongeza bando, hali ni ileile. Nifanyeje bila kununua nyingine?"

Mkuu, kikao kikiwa kinaendelea bonyeza Ctrl+Shift+Esc, kisha tazama safu ya CPU. Ikiganda kwenye 95 hadi 100, mashine imeelemewa na bando halitasaidia kitu. Ikiwa 40 au 50 na sauti bado inakatika, basi kweli ni mtandao, na mengi ya hapa chini hayakuhusu.

Mimi natumia Core i3 ya 2012, RAM kama yako, diski ile ya kuzunguka. Kila Jumapili jioni tuna kikao cha ukoo, watu kumi na wanne, wengine wako Muscat. Siku moja nilikuwa nasoma hesabu ya michango ya harusi, shangazi akanipigia simu kuniambia wamesikia "laki" tu, laki ngapi hawajui. Nikafungua hiyo safu ya CPU: 100, na haishuki.

Sababu yake ni kwamba video inakuja ikiwa imebanwa, na kompyuta inapaswa kuifungua picha moja baada ya nyingine, huku inabana ya kwako ili iitume. Mashine mpya zina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Zetu za zamani mara nyingi zinaibebesha prosesa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ikizidiwa, sauti nayo inachelewa kushughulikiwa, ndiyo hivyo vipande.

Nilianza na programu zinazojiwasha zenyewe. Kwenye dirisha lilelile kuna Startup. Nilikuta ya muziki, ya printa niliyokwisha kuigawa, ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, na ya kikao chenyewe. Kila usiyoihitaji ibofye, chagua Disable. Usiguse kinga ya virusi, wala jina usilolijua. Kisha washa upya kompyuta nusu saa kabla ya kikao na uiache itulie, maana dakika za kwanza diski huwa na shughuli nyingi. Safu ya Disk nayo ikikaa 100, mara nyingi RAM imejaa na Windows inatumia diski kama ghala la akiba, jambo ambalo diski ya kuzunguka hailiwezi. Hapo funga programu nyingine mpaka ishuke.

Sasa kuingia kwa kivinjari. Ukibofya linki ya Zoom, ukurasa utataka kufungua programu. Kataa, kisha tafuta maneno Join from your browser chini. Yasipoonekana, andika mwenyewe anwani hii, ukiweka namba ya kikao mwishoni:

```
https://zoom.us/wc/join/NAMBA
```

Itakuuliza jina na nywila iliyo kwenye mwaliko. Ikigoma kabisa, huenda mwenye kikao amefunga njia ya kivinjari, mwombe aifungue.

Hapa wengi wanakosea. Kivinjari chenyewe si chepesi. Faida yake ni kwamba programu ya Zoom haibaki ikifanya kazi kisirisiri baada ya kikao, lakini kiwe na kichupo kimoja tu. Ukikifungua pamoja na vichupo kumi na tano na viongezi vya kuzuia matangazo, utajuta. Mimi nafungua dirisha la faragha, kwenye Chrome au Edge ni Ctrl+Shift+N, kwa sababu kwa kawaida viongezi havifanyi kazi humo.

Ukishaingia, punguza sura. Chagua Speaker ili umwone anayeongea peke yake, zima kamera yako mpaka zamu yako ifike, na usiweke ukungu wala picha nyuma yako, kwa sababu kompyuta inalazimika kukutenganisha na ukuta katika kila picha. Kwangu hatua hii ndiyo iliyoleta nafuu kubwa kuliko zote: CPU ilitoka 100 ikawa inacheza kwenye 60 na 70, na hesabu zikasikika zote. Kwenye Google Meet, ambayo kwenye kompyuta hufunguka ndani ya kivinjari, mpangilio wa namna hiyo unaitwa Spotlight.

Chomeka chaja pia. Mashine ikitumia betri, Windows inaweza kuipunguzia kasi. Na usiiweke juu ya kitanda, kwa sababu feni ikizibwa joto linapanda na prosesa inajipunguzia kasi yenyewe. Dalili yake ni kikao kwenda vizuri dakika ishirini, kisha kuharibika bila wewe kugusa chochote.

Kushiriki skrini ndiko bado kunaishinda hii yangu, CPU inarudi 100 papo hapo. Kwa hiyo karatasi ya michango naituma kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kikao, kila mtu anaifungua kwenye simu yake, mimi nasoma tu.