Mavazi yanayofanana na ya kampuni kubwa: maswali ya mafundi na wauza nguo wa Kigoma

Naiandikia programu ya akili mnemba "traksuti ya Adidas bila nembo", lakini picha inarudi na nembo iliyopinda kifuani. Nifanyeje? – Fundi cherehani, Mwanga

Futa jina la kampuni kwanza, dada yangu. Programu hizi zimejifunza kwa kutazama picha nyingi mno pamoja na maelezo yake, na karibu kila picha iliyoandikwa jina hilo ina mistari mitatu mikononi na alama kifuani. Ukiliandika jina, umeita vyote vilivyozoea kuandamana nalo. Nembo inakuja imepinda kwa sababu programu inakumbuka umbo lake kwa juu juu tu.

Kosa la pili limo kwenye "bila nembo". Programu nyingi za kuchora hushika vitu vilivyotajwa kuliko kukanushwa kwake, kwa hiyo umezuia nembo na papo hapo umeitaja. Ukitumia Midjourney, mambo usiyoyataka huandikwa mwishoni namna hii: `--no logo, text`. Stable Diffusion ina kisanduku chake cha pembeni, `Negative prompt`. Vyote viwili vinapunguza tatizo, ila havifuti kazi ya jina la kampuni likiwa bado limo kwenye maelekezo.

Sasa rudi kwa mteja umuulize anapenda nini hasa kwenye ile traksuti. Tuseme ni vijana wa timu ya mpira ya Ujiji. Ukiwabana watakwambia wanapenda kola iliyosimama, zipu inayofika shingoni, kitambaa chenye mng'ao, rangi mbili zinazopishana, na lastiki inayobana kiunoni. Hayo ni ya kila fundi, hakuna kampuni inayoyamiliki. Yaandike hayo:

```
Koti la michezo la kiume, kola fupi iliyosimama, zipu ya mbele
hadi shingoni. Kitambaa cha polista chenye mng'ao hafifu, rangi
ya bluu iliyokolea. Begani kipande kimoja cha rangi ya udongo
mwekundu, kinaanzia kwenye kola na kuishia kwenye mshono wa
mkono. Mikono ya bluu tupu. Kifua cha bluu tupu. Lastiki kiunoni
na kwenye vifundo vya mikono. Limetundikwa kwenye hanga mbele
ya ukuta mweupe.
```

Angalia kifua na mikono, mahali ambapo nembo hupenda kukaa. Nimesema pana nini pale, yaani bluu tupu, badala ya kusema pasiwe na nini. Hanga nalo nimeliweka kwa makusudi. Ukiomba mchezaji nyota uwanjani, programu itamvalisha viatu na soksi zenye alama za watu hata kama koti ni safi, maana picha za viwanjani zimejaa matangazo.

Nikiweka mistari minne au miwili badala ya mitatu, si itakuwa ya kwangu? – Kijana wa duka la nguo, Ujiji

Hapana, na hili naomba ulichukulie kwa uzito kwa sababu limewagharimu wakubwa kuliko sisi. Mwaka 2008 katika jimbo la Oregon, Marekani, Adidas ilishinda kesi dhidi ya kampuni ya viatu ya Payless, iliyokuwa ikiuza viatu vyenye mistari miwili na minne ubavuni. Jopo la raia lilitaja fidia ya zaidi ya dola milioni 300, ingawa baadaye ilipunguzwa sana. Kilichotazamwa ni kama mnunuzi anaweza kudhani kiatu kimetoka Adidas, hata kama idadi ya mistari si ileile.

Haina maana kwamba Adidas hushinda kila mara. Mwaka 2023 huko New York ilishindwa na mbunifu Thom Browne, anayeweka mistari minne ya kulala kwenye mavazi ghali ya wateja wa aina nyingine kabisa. Lakini mwenye duka Ujiji hana sababu ya kusogea kwenye mpaka ambao hata mawakili wanaubishania. Mistari inayoshuka sambamba mkononi na kwenye mguu wa suruali iache. Kipande cha rangi begani kinatoa mvuto uleule wa rangi mbili, na kinashonwa haraka zaidi.

Timu ikitaka alama, iwe yake. Samaki aina ya mgebuka anayeruka juu ya jina la timu ataeleweka mara moja na mtu yeyote wa mwambao huu wa Tanganyika. Ila alama hiyo ichorwe peke yake na mkono wa mtu, ndipo iwekwe juu ya picha, kwa kuwa baadhi ya programu bado huvuruga herufi. Mkiona itadumu, alama ya biashara husajiliwa BRELA kwa miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10.

Mimi naweka picha kwenye status ya WhatsApp tu, sijashona kitu. Kuna ubaya? – Muuza nguo, Kigoma mjini

Upo. Ile picha ndiyo tangazo lako, na mteja akilipa atadai alichokiona, pamoja na ile alama. Ukimshonea nayo, umeingia kwenye bidhaa bandia, ambazo huku Tanzania Bara hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Na picha yenyewe inaweza kushtakiwa: mwaka 2023 mahakama ya New York iliipa ushindi kampuni ya mitindo ya Hermès dhidi ya msanii aliyeuza picha za kidijitali za mikoba iliyofanana na mkoba wao uitwao Birkin. Hakuuza mkoba wa kushika hata mmoja.

Mteja amenipa picha ya kitambaa chenye herufi za Louis Vuitton, anataka gauni la mtindo huo. Niandikeje? – Fundi, Kasulu

Mchanganyiko ule wa herufi na maua upo tangu 1896 na ni alama ya kampuni sawa na jina lake. Usiuelezee hata kwa kuzunguka, kwa mfano "herufi mbili zilizopishana na maua ya ncha nne juu ya kahawia", maana maelezo hayo yataurudisha uleule. Chukua rangi tu, kahawia na dhahabu, na chora lile umbo la gauni juu ya kitenge utakachonunua kweli sokoni. Taja maua yake na ukubwa wake, ili picha ifanane na kitambaa kitakachofika mezani kwako.

Nitajuaje kuwa picha ni safi kabla ya kumtumia mteja? – Fundi, Mwanga

Ikuze hadi ijae kwenye simu, kisha pita sehemu kwa sehemu: kifua cha kushoto, ndani ya kola, kishikio cha zipu, vifungo, mfuko wa nyuma wa suruali, kifungio cha mkanda, ulimi na ubavu wa kiatu. Kwenye jinzi tazama pia uzi wa mfuko wa nyuma, kwani mshono wa upinde wa Levi's ni alama iliyosajiliwa, na programu huuchora bila kuombwa.

Ukikuta doa dogo linalofanana na nembo, usianze upya. Programu nyingi zina sehemu ya kupaka eneo na kulichora tena. Paka pale tu, uandike "kishikio cha zipu cha chuma, laini". Mwisho ipitishe picha kwenye Google Lens. Kama majibu ya juu ni nguo ya kampuni moja inayojirudia, basi umbo lenyewe limekaribia mno. Badilisha kola, au sogeza kile kipande cha rangi kutoka begani hadi ubavuni, uichore tena.