Ujazo wa boksi la mshazari: 23 au 25?

"Vekta za kingo ni a = (2, 1, 0), b = (0, 3, 1), c = (1, 0, 4). Kitabu chasema ujazo ni 25, mimi napata 23. Nakosea wapi?"

Salama ndugu. Angalia kwanza namba ya kati ya b × c. Hapo ndipo nami nilipokwama jioni nzima, kibarazani Kisauni, karatasi zikipeperuka. Nahisi umeandika (12, −1, −3). Ya kati hugeuzwa alama: −(0×4 − 1×1) = 1, kwa hivyo ni (12, 1, −3).

Kuhakikisha, zidisha namba kwa namba na b, kisha jumlisha. Lazima itoke sifuri: 0 + 3 − 3 = 0. Yako yatoa −6.

Sasa lete a: 2×12 + 1×1 + 0×(−3) = 25. Siku ikitoka hasi, ondoa alama tu. Ni mpangilio wa vekta. Ikitoka 0, vekta zote zimelala bapa moja, boksi hakuna.