Fito za mbao nyuma ya kitanda: ukuta wangu wa Kibokoni na nafasi ya sentimita mbili

Mara ya kwanza nilipofunika ukuta wa nyuma ya kitanda kwa mbao ilikuwa Februari, kaskazi bado inavuma na joto ni lile la kulala sakafuni. Fundi alileta mbao za saiprasi kutoka bara, zimekaushwa vizuri, kila moja upana wa sentimita 15. Akazipanga zikagusana ubavu kwa ubavu kutoka kona hadi kona, akazigandisha kwa gundi moja kwa moja ukutani na kuongeza misumari michache ya kawaida. Siku ile chumba kilinukia seremala na nilifurahi sana.

Mei mvua za masika zilipokolea, nikaamka asubuhi moja nikaona katikati ya ukuta mbao mbili zimeinuka kama zulia lililosukumwa na mlango. Nilipotia mkono nyuma yake nikagusa unyevu. Tulipozing'oa, ukuta ulikuwa umeota koga la kijivu, na chini ya kila msumari mlikuwa na mchirizi wa kutu urefu wa kidole.

Mzee wa Majengo niliyemwita aje kunisaidia alikishika kipande kimoja, akakigeuza, akaniambia: "Mwanangu, mbao hizi hazina kosa. Zimekosa pa kwenda tu."

Maneno yale ndiyo nataka kuyafafanua, kwa sababu picha tunazoziona za kuta hizi nyingi zimepigwa kwenye nchi kavu au baridi, na sisi wa Kibokoni tunaishi kisiwani Mombasa.

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Haibadiliki sana kwa urefu, lakini kwa upana hupanuka na kusinyaa. Iliyokaushwa vizuri hutoka kwenye tanuri ikiwa na unyevu wa asilimia 10 hivi. Ikikaa Mombasa hupanda taratibu hadi asilimia 14, na wakati wa mvua huzidi hapo. Kwa saiprasi, kupanda huko kwa asilimia nne kunaweza kuongeza upana wa ubao kwa karibu sehemu moja katika mia. Ubao wa sentimita 15 unaongezeka milimita moja na nusu, kiasi ambacho jicho halikioni. Lakini ukuta wangu una upana wa sentimita 240, na mbao 16 zilikuwa zimebanana bila mwanya. Milimita moja na nusu mara 16 ni milimita 24, karibu inchi nzima, na kona mbili za mawe hazisogei. Ndiyo maana ziliinuka katikati.

Fito nyembamba zenye nafasi kati yake huondoa tatizo hilo lote. Ufito wa sentimita nne ukipanuka, unaongezeka chini ya nusu milimita, na unaongezeka ndani ya nafasi yake mwenyewe bila kumsukuma jirani. Watu huzipenda kwa vivuli vyake, na kweli jioni taa ya pembeni ikiwaka ukuta unapata mistari ya kupendeza. Kwetu pwani, hata hivyo, ile nafasi ina kazi nyingine.

Kabla ya fito, mzee alinifanya nipime ukuta. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hufyonza maji. Nilikata karatasi la nailoni nyeupe, nusu mita kwa nusu mita, nikalibandika ukutani kwa tepu pande zote nne, nikaliacha siku mbili. Matone yakionekana upande wa ndani, ule unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya chumbani. Langu lilikuwa na matone ndani, sehemu ya chini tu. Upande wa pili wa ukuta ni bafu, na paipu ilikuwa inavuja polepole. Ilibidi tumalize hilo kwanza, kisha tusubiri wiki tano hadi nailoni ikakaa kavu. Usifunike ukuta wenye maji kwa kitu chochote kizuri. Na kama nyumba yako ni ya zamani kama hii, usimruhusu fundi apige plasta ya simiti ili "kuzuia" unyevu. Simiti hufungia maji ndani ya jiwe, nayo huchimbuka upande mwingine na kubwaga chokaa. Sisi tulipaka upya niru, plasta laini ya chokaa, kisha chokaa iliyotiwa rangi ya kahawia nzito, maana ukuta utaonekana katikati ya fito na ukiwa mweupe kila kasoro itajitokeza.

Mbao ya mara ya pili ilikuwa mvule. Ni ghali kuliko saiprasi, lakini haichezi sana na mchwa hawaipendi. Ukiipiga msasa funga pua na mdomo, vumbi lake huwasha. Fito zilipofika hatukuzifunga siku ile. Zililala chumbani wiki tatu, zimepangwa tabaka kwa tabaka na vijiti vidogo katikati ili hewa ipite. Kujua kama zimezoea nilitumia mizani ya jikoni. Nilichukua kipande kimoja kilichobaki, nikakipima kila asubuhi na kuandika uzito. Siku za mwanzo ulipanda gramu chache chache. Uliposimama palepale siku tano mfululizo, nikampigia mzee simu.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi hukisia na mwishoni ukabaki na ufito mmoja mwembamba wa aibu kwenye kona. Upana ni sentimita 240. Ufito ni sentimita nne na nilitaka nafasi ya mbili. Ufito na nafasi yake ni sita, lakini ufito wa mwisho hauna nafasi baada yake, kwa hiyo unaongeza mbili kwenye upana: 242 ukigawa kwa sita unapata 40 na kidogo. Chukua 40. Fito 40 zinakula sentimita 160, zinabaki 80 za kugawanywa kwenye nafasi 39, yaani milimita 20 na nusu kila moja. Mzee akachonga kipande cha mbao cha unene huohuo, akawa anakiingiza kati ya ufito na ufito. Kila baada ya fito kumi alisimamisha timazi na kupima upya kutoka kona, maana kosa la nusu milimita likirudiwa mara 39 ni karibu sentimita mbili.

Fito hazigusi ukuta. Kwanza kulilazwa ukutani papi tano, yaani mbao za kushikilia fito, za unene wa sentimita mbili na nusu, moja karibu na sakafu, ya mwisho karibu na juu, zikiachana nusu mita kasoro kidogo. Fito zikasimamishwa juu ya papi. Nyuma yake basi kuna uwazi, na kwa kuwa hatukuweka ubao mwingine wa nyuma, hewa inaingia na kutoka katikati ya fito. Zile mbao zinazouzwa tayari, fito zimegandishwa juu ya kitambaa kizito cheusi au ubao wa unga wa mbao, nimeziona kwa jamaa zangu. Kwenye ukuta wa ndani, kati ya chumba na chumba, zinakaa salama. Kwenye ukuta unaopigwa na mvua ya kusi, kile kitambaa hushika unyevu na vumbi, na ubao wa unga ukilowa hufura na haurudi tena. Ukuta wa nje nisingezitia.

Kutoboa jiwe la matumbawe kunataka upole. Dreli ikipigiwa nyundo jiwe husagika na tundu huwa pana kuliko plagi. Tuliizungusha tu bila kupiga, tukapita plasta yote hadi tukaingia jiweni sentimita tano. Skrubu zote ni za chuma kisichoshika kutu, mia mbili kwenye fito peke yake, moja kila ufito unapokutana na papi, na tundu lilitobolewa kwanza ili mbao isipasuke. Hapo usibane pesa. Hewa ya bahari hula msumari wa kawaida kwa mwaka mmoja, na kutu ikishaingia kwenye nyuzi za mbao msasa hauitoi.

Chini tuliacha sentimita tano kutoka sakafuni, na juu tano. Mvule unajitetea, lakini papi zetu ni za saiprasi, na mchwa hupanda kutoka chini kwa kujenga njia ya udongo. Njia hiyo ikibidi ivuke sentimita tano za ukuta ulio wazi, utaiona. Mbao ikigusa sakafu, hupanda nyuma yake na wewe unalala. Papi zilipakwa dawa ya mchwa pande zote, na kila mahali palipokatwa pakapakwa tena, kwani pale ndipo mbao hunywa zaidi.

Kwa wanaotaka ukuta huu nyuma ya runinga, mambo ni yaleyale na moja zaidi. Uzito wa runinga usiubebeshe fito. Kabla ya fito, funga ukutani ubao mpana na mzito wa unene sawa na papi, uingie jiweni kwa skrubu ndefu, na mkono wa runinga ufungwe kwenye ubao huo. Papi za kulala huziba njia ya nyaya zinazoshuka, kwa hiyo zikatwe pengo la sentimita nne mahali nyaya zitapita. Fundi akishamaliza ndipo ukumbuke, utang'oa fito sita.

Kitu kimoja sikukifikiria. Mito. Tunapaka mafuta ya nazi kichwani, na baada ya miezi minne fito zilizo nyuma ya mito zilikuwa na alama nyeusi yenye kung'aa. Nimeziosha kwa kitambaa na sabuni kidogo, nikapiga msasa mwembamba, nikapaka mafuta ya mbao tena. Ningeanza upya, ningeweka kichwa cha kitanda kilichoshonwa kwa kitambaa sehemu hiyo, na fito zianzie juu yake. Vumbi nalo hukaa juu ya papi. Brashi ndefu ya kupakia rangi, kavu, hupita katikati ya fito vizuri, mara moja kwa wiki mbili.

Masika mawili yamepita. Kila Mei, mvua ikitulia, napiga magoti na tochi nachungulia ule mwanya wa chini, natafuta udongo wa mchwa, kisha naingiza vidole nyuma ya ufito wa kona ya bafu. Mwaka huu vilitoka vikavu.